Mkanda wa Shingo ya Fulana Ukatwe Mfupi Kiasi Gani?

Fulana inaweza kukaa vizuri mabegani na mikononi, kisha ikaharibikia shingoni: mkanda umesimama, haulali mwilini. Mara nyingi kosa hilo hutokea wakati wa kukata, pale mkanda unapopewa urefu sawa na wa shingo.

Mkanda uliokunjwa una kingo mbili. Mmoja umeshonwa kwenye fulana, na wa pili, ule wa mkunjo, uko ndani zaidi, karibu na koo. Duara la ndani ni dogo kuliko la nje. Shingo ikiwa ya mviringo, kila sentimita 1 ya upana wa mkanda hupunguza duara hilo kwa takribani sentimita 6. Mkanda usipofupishwa, kitambaa kilichozidi kwenye mkunjo hakina pa kwenda, kwa hiyo kinasimama.

Tuseme unashona fulana ya pamba inayovutika kiasi. Pima shingo mahali mshono utakapopita, sentimita 0.7 kutoka ukingoni, wala si kwenye ukingo wenyewe. Ukipata sentimita 52, chukua asilimia 85, yaani 44.2. Ongeza 1.4 ya kuunganishia ncha mbili, upate 45.6. Upana ukate sentimita 4. Ukishakunjwa na kushonwa utaonekana 1.3. Kata mkanda kwa kufuata upande ambao kitambaa kinavutika zaidi, ili uvutike kwa urefu wake.

Asilimia 85 ni pa kuanzia tu. Kitambaa cha ribu huvutika sana, kwa hiyo kishushe hadi 75 au 80. Kitambaa kigumu kipandishe hadi 90. Na ukitaka mkanda mpana zaidi, ufupishe zaidi.

Unganisha ncha, kunja mkanda kwa urefu, kisha ugawe sehemu nne sawa kwa pini. Gawa na shingo ya fulana vivyo hivyo. Pini za pembeni hazitaangukia kwenye mishono ya mabega, maana shingo ya mbele ni ndefu kuliko ya nyuma. Kutanisha pini, kisha shona kwa zigizaga nyembamba na sindano ya vitambaa vya kuvutika. Vuta mkanda peke yake mpaka ulingane na fulana. Fulana ikivutwa nayo, shingo itapanuka na kubaki hivyo.

Kabla ya kuhukumu, piga pasi ya mvuke kwa kuibonyeza juu ya kitambaa, bila kuiburuta. Mikunjo midogo ikitoweka, kazi imekaa. Mwili wa fulana ukiendelea kujikusanya chini ya mshono, mkanda ni mfupi mno. Ukingo wa juu ukiwa bado umesimama, ni mrefu: fumua, punguza sentimita 1 au 2, ushone upya. Pasi haiwezi kuondoa urefu uliozidi.