Ujumbe unaosindikiza ankara ya mfasiri

Ankara nyingi za wafasiri hukwama kwa mhasibu kwa sababu karatasi inataja jumla tu, na aliyeagiza kazi siye anayelipa. Ujumbe mfupi unaoisindikiza humwonyesha mhasibu kila shilingi imetoka wapi.

Tuchukue mfasiri wa Dar es Salaam aliyepewa mwongozo wa Kiingereza wa wahudumu wa afya, maneno 6,000, kwa Sh100 kwa neno. Ujumbe wake utaje kwamba yamehesabiwa maneno ya matini chanzi. Kiswahili huunganisha nafsi, njeo na kitenzi katika neno moja, kwa hiyo anayehesabu tafsiri hupata idadi ndogo zaidi na kudhani amezidishiwa. Hapo ni Sh600,000.

Kazi iliwasilishwa Machi 3. Maoni yalirudi Machi 12, na ndani yake mlikuwa na mambo mawili tofauti: istilahi zilizopishana kati ya sura na sura, na sehemu mpya ya maneno 800 ambayo mteja aliiongeza kwenye Kiingereza chake. La kwanza ni kosa la mfasiri, hulisahihisha bure. La pili ni kazi mpya, Sh80,000, na jumla inakuwa Sh680,000. Mgogoro huzaliwa pale vitu hivi viwili vinapoitwa vyote “marekebisho”. Makubaliano mazuri hutoa duru moja ya masahihisho bila malipo, maoni yote yakiwa katika faili moja. Maofisa wawili wakituma maoni yanayopingana, mfasiri atabadilisha sentensi ileile mara mbili na bado ataonekana hakusikia.

Ankara ilitoka Machi 17 pamoja na kazi iliyosahihishwa. Mteja atakata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani Sh34,000, na kulipa Sh646,000. Ujumbe uombe cheti cha kodi hiyo, kwa kuwa bila cheti mfasiri atashindwa kuithibitisha TRA anapokokotoa kodi yake ya mwaka.

Sasa muda wa malipo. “Siku 30” haitoshi, lazima isemwe zinaanza kuhesabiwa lini. Zikianza mteja “atakapoidhinisha”, kimya chake peke yake huahirisha deni. Afadhali makubaliano yaseme kwamba kazi isiyorudishwa na maoni ndani ya siku 14 imekubaliwa, na siku 30 zihesabiwe tangu tarehe ya ankara. Hapa zinaishia Aprili 16. Tozo ya ucheleweshaji, tuseme asilimia 2 ya ankara kwa kila mwezi kamili, ingefika Sh13,600 Mei 16.

Lakini tozo inayotajwa mara ya kwanza kwenye ankara ni ombi tu, mteja hakuikubali. Iandikwe kwenye barua ya bei kabla kazi haijaanza. Ujumbe wa ankara utaje tarehe ya barua hiyo, na nakala yake iambatishwe, maana mhasibu huenda hajawahi kuiona.