Mama jota ari maaji

Sentensi hiyo ya kichwa ni ya Kirangi, lugha ya Kondoa, nasi tumeiandika kwa herufi za Kiswahili ingawa Kirangi kina irabu saba na toni zake. Maana yake ni "Mama atateka maji." Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kuielewa: mama ni mama, maaji ni maji, na jota ni kuteka. Kinachomkwaza ni hako kaneno kadogo ka katikati, *ari*. Kamejengwa na *a-* ya nafsi ya tatu, sawa na *a-* yetu ya "anakuja", na *-ri*, ambayo ni ndugu wa *-li* tunayoisikia katika "alipo" na "aliye". Neno kwa neno, basi, Mrangi anasema "Mama teka ali maji." Kila tofali ni la Kibantu. Ukuta wenyewe ndio umejengwa kinyume.

Kinyume, kwa sababu katika lugha nyingi mno za Kibantu kitenzi kisaidizi hutangulia na kitenzi kikuu hufuata. Kiswahili husema "mama alikuwa anateka", wala hakisemi "mama anateka alikuwa". Hata ile *-ta-* ya wakati ujao ni mabaki ya kitenzi *taka*, na imekaa palepale kilipokuwa kitenzi hicho, mbele ya kitenzi kikuu. Warangi wamepinduaje mpangilio huo? Na nani aliwafundisha, kama kweli walifundishwa?

Ukitazama ramani unaanza kupata fununu. Kati ya Mbulu, Babati, Kondoa na Singida, jamii za lugha za asili tofauti kabisa zimeishi bega kwa bega kwa karne nyingi. Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, pamoja na Wagorwa, Waalagwa na Waburunge wanazungumza lugha za Kikushi, zenye ukoo wa mbali na Kisomali na Kioromo. Wadatoga, wakiwamo Wabarbaig, lugha yao ni ya Kiniloti. Wanyaturu, Wanyiramba, Warangi na Wambugwe ni Wabantu. Kisha wapo Wasandawe na Wahadza, ambao lugha zao zina sauti za kidoko, zile zinazofanana na mlio wa ulimi wa mtu anayemhimiza punda. Mwaka 2008 wanaisimu watatu, Roland Kiessling, Maarten Mous na Derek Nurse, walichapisha sura nzima wakidai kwamba eneo hili la Bonde la Ufa ni ukanda wa lugha. Walimaanisha mahali ambapo lugha zisizo za ukoo mmoja zimeishia kufanana kwa sababu ya ujirani.

Wazo hilo si geni. Mwaka 1829 Jernej Kopitar, msomi wa Kislovenia, aliona kwamba lugha za Balkani zinafanana kwa namna ya ajabu, na karne moja baadaye, katika mkutano wa wanaisimu huko Hague mwaka 1928, Nikolai Trubetzkoy aliutofautisha rasmi ukanda wa lugha na ukoo wa lugha. Mfano wa Balkani ni mwepisi kuushika. Kusema "kile kitabu" ambacho msikilizaji tayari anakijua, Mbulgaria husema *knigata*, Mromania *cartea*, Mwalbania *libri*. Wote watatu huonyesha ujulikano huo mwishoni mwa nomino. Lakini Kibulgaria ni cha ukoo wa Kirusi, na Kirusi hakina alama hiyo kabisa. Kiromania kimetokana na Kilatini kama Kiitalia, na Mwitalia huweka alama mbele: *il libro*. Kwa hiyo ndugu wa damu hawafanani, ila majirani wanafanana.

Kipimo cha kwanza ndicho hicho. Usiwatazame wanaofanana tu, watafute ndugu zao waliohamia mbali. Sifa ikionekana kwa ndugu walioko pande zote, hata wale wasiowahi kukutana na majirani hao, ielekee kuwa urithi. Ikionekana kwa majirani tu, shuku ujirani.

Hapa inafaa kuondoa kosa moja la kawaida. Kuazima maneno ni jambo jingine, tena jepesi. Kiswahili kilikuwa na *tandatu*, *fungate* na *kenda* kabla ya sita, saba na tisa za Kiarabu kuingia. Fungate imebaki kwa maharusi, siku zao saba, na ukiangalia nane utaona yenyewe haikung'oka. Hilo halikukifanya Kiswahili kuwa lugha ya Kisemiti. Ukanda wa lugha unahusu kilicho ndani zaidi: sauti, mpangilio wa maneno, namna ya kugawa wakati. Mtu anaweza kusema sentensi isiyo na hata neno moja la kuazima, kama ile ya Kondoa, na bado umbo lake likamsengenya.

Sauti nazo zina mtego wake. Mwaka 1963 Joseph Greenberg aliwaweka Wahadza na Wasandawe katika ukoo mmoja wa lugha na Wakhoikhoi na Wasan wa kusini mwa Afrika, na vidoko vilikuwa na uzito katika uamuzi huo. Lakini vidoko husafiri. Wazulu na Waxhosa ni Wabantu tena wanavyo tele, na walivipata kwa majirani zao wa Kikhoisan. Njia mojawapo ilikuwa hlonipha, adabu ya mwanamke aliyeolewa kutotamka majina ya wakweze wala silabi zinazofanana nayo. Sauti ngeni zilimpa namna ya kuyakwepa. Leo wanaisimu wengi wanakichukulia Kihadza kuwa lugha isiyo na ndugu anayejulikana. Kuhusu Kisandawe, wanaokihusisha na lugha za kusini wanategemea zaidi viwakilishi vya nafsi, kwa kuwa hivyo haviazimwi kirahisi.

Sauti moja inaweza pia kuwa urithi kwa huyu na ujirani kwa yule. Kiiraqw, Kisandawe na Kihadza zote zina konsonanti zinazotamkwa kwa kufunga koo na kulipua pumzi. Ungedhani ni muhuri wa Bonde la Ufa. Lakini Kioromo, binamu wa Kiiraqw aliyeko mbali Ethiopia, nacho kina sauti za namna hiyo. Kwa Kiiraqw, basi, huenda ni mali ya ukoo, na kuwa kwake jirani wa Wasandawe hakutoshi kubatilisha hati hiyo.

Turudi kwa mama na maji yake. Kipimo cha ndugu tumeshakifanya: Wabantu wengi hawana mpangilio huo. Kipimo cha pili ni uhaba. Sifa inayopatikana kila mahali duniani, kama vile kuwa na irabu tano, haithibitishi lolote, maana lugha mbili zinaweza kuifikia kila moja kwa njia yake. Ila lugha zinazoweka kitenzi kabla ya shamirisho, kama Kirangi kinavyofanya (maji hufuata kitenzi), kwa kawaida huweka na kisaidizi mbele. Kirangi kinachanganya vitu viwili ambavyo huonekana pamoja kwa nadra. Kitu adimu hivyo kinadai maelezo.

Maelezo ya haraka ni Wakushi. Kiiraqw kwa kawaida hupenda kitenzi mwishoni, na lugha za aina hiyo duniani mara nyingi huweka kisaidizi baada ya kitenzi. Warangi walikaa na Waalagwa na Waburunge, wakaoana, wakajifunza lugha za wenzao, mpangilio ukahamia. Hadithi nzuri. Tatizo ni kwamba Kiiraqw cha leo hakifanyi hivyo. Kaneno kake ka kisarufi, kanakobeba nafsi na wakati, hutangulia kitenzi, na shamirisho huweza kubanwa katikati yao. Anayesema Warangi walinakili analazimika kudhani kwamba walinakili kutoka hatua ya kale ya Kikushi ambayo hatuna maandishi yake. Inawezekana, lakini ni dhamana dhaifu.

Mtaalamu wa Kirangi, Hannah Gibson, ameelekeza macho kwingine, na hoja yake ndiyo inayomshawishi zaidi mwandishi huyu. Mpangilio wa Kirangi haudumu kila mahali. Ukiuliza swali la "nani", unageuka: *Ani ari jota maaji?* Nani atateka maji? Kisaidizi kimerudi mbele, kama kwa Wabantu wengine. Hali ni hiyohiyo katika kukanusha na katika vishazi rejeshi vya aina ya "atakayeteka". Kama Warangi wangenakili tu umbo la jirani, kwa nini wangeliacha hapo?

Jibu huenda liko kinywani mwa kila Mswahili. Mtu akishuku kama fundi atakuja, hujibiwa, "Kuja atakuja, ila sijui saa ngapi." Kitenzi kimetangulizwa kwa umbo la *ku-* ili kukaziwa. Mbinu hiyo ni ya Kibantu, na imeenea. Chukua msisitizo wa namna hiyo, uurudie vizazi kadhaa hadi upoteze ukali wake, na utabaki na wakati ujao wa kawaida wenye kitenzi mbele. Katika swali la "nani", uzito uko kwa "nani", kwa hiyo kitenzi hakina sababu ya kutangulia. Katika kukanusha, uzito uko kwenye ukanushi. Mageuko yanayoonekana kama vurugu yanapata utaratibu.

Zaidi ya hapo, miundo inayofanana na ya Kirangi inapatikana katika Kikuria, Kingoreme, Kisimbiti na Kigusii, mkoani Mara na ng'ambo ya mpaka Kenya, mbali na Kondoa. Ujirani na Waalagwa hauwezi kueleza hayo. Uamuzi wenye haki, basi, ni kwamba mbegu ni ya urithi. Majirani wenye mazoea ya kuona kitenzi mwishoni huenda waliifanya iote haraka Kondoa, lakini hawakuileta wao.

Kuna shahidi mmoja wa mwisho. Wambugwe, ndugu wa karibu zaidi wa Warangi kilugha, wanaishi kaskazini ya Babati, kusini mwa Ziwa Manyara, na wametenganishwa na Warangi na jamii nyingine, wakiwamo Wagorwa. Katika nyakati kadhaa za kitenzi, Kimbugwe nacho hutanguliza kitenzi na kufuatisha kisaidizi. Lugha mbili zilizoachana hazikuhitaji kuanza upya kila moja kwake: inaelekea mpangilio huo tayari ulikuwapo kabla hazijatengana. Kwa mtoto wa Kimbugwe wa leo, hata kama jirani alichangia zamani hizo, "teka ali maji" ni urithi kutoka kwa bibi yake.