Fomu ya Pensheni Haina Habari za Ndoa Yako

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ina kifungu ambacho wengi hawakijui: aliyeandika wosia kisha akafunga ndoa, wosia wake hufutika, isipokuwa kama aliuandika akiitarajia ndoa hiyo hiyo. Sheria inaona kwamba maisha ya mtu yamebadilika, kwa hiyo karatasi ya zamani isimseme tena.

Fomu ya pensheni haifuati mkondo huo. Ile uliyoijaza wiki ya kwanza kazini, ukiwa hujaoa wala hujaolewa, ukaandika jina la mama au la kaka kwa sababu ndio waliokujia kichwani, inabaki kwenye faili kama ulivyoiandika. Harusi haiigusi, wala mtoto akizaliwa haongezeki humo. Itabadilika siku utakapojaza nyingine na skimu ikaipokea.

Jambo hili lina uzito kwa sababu pesa za pensheni zina njia yake. Sheria ya Mafao ya Kustaafu, kifungu cha 36A, inasema mafao ya mwanachama aliyefariki si sehemu ya mali ya marehemu inayogawanywa kupitia usimamizi wa mirathi. Wanaoyalipa ni wadhamini wa skimu, kwa kufuata kanuni za skimu yenyewe. Shamba, nyumba na gari vitasubiri mahakama imteue msimamizi wa mirathi, lakini pensheni haipiti huko. Hata kama wosia wako unasema kila kitu kiende kwa mke wako, wadhamini wataanza kwa kufungua faili na kuangalia fomu ya uteuzi wa wanufaika.

Hapa pana kosa linalowakuta hata watu makini. Ofisi ya wafanyakazi ina sehemu ya kuandika jamaa wa karibu, yule wa kupigiwa simu ukianguka kazini. Mtu akioa huenda akabadilisha jina hilo, akaongeza mkewe kwenye bima ya matibabu, akaondoka ameridhika. Lakini jamaa wa karibu ni wa kupigiwa simu tu, na bima ya matibabu ni ya hospitali. Hakuna hata moja kati ya hizo inayobadilisha rekodi ya pensheni, kwa maana skimu ni chombo kinachojitegemea, chenye wadhamini wake na msimamizi wake, ambaye mara nyingi ni kampuni iliyo nje kabisa ya ofisi yenu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamke mmoja anafanya kazi katika maabara ya kiwanda mjini Thika. Aliajiriwa 2014, akateua wanufaika wawili: mama yake asilimia 50 na kaka yake asilimia 50. Aliolewa 2019, akapata mtoto 2021 na mwingine 2024. Mshahara wake ni shilingi 60,000 kwa mwezi na akiba yake kwenye skimu imefika shilingi 1,800,000. Mwajiri pia amewakatia wafanyakazi bima ya maisha ya kikundi inayolipa mara tatu ya mshahara wa mwaka. Kwake hiyo ni 720,000 mara tatu, yaani shilingi 2,160,000.

Akifariki leo bila kugusa faili, fomu ya 2014 ndiyo itakayokuwa mezani. Mume na watoto wawili hawamo. Je, watakosa kila kitu? Si lazima. Kanuni za skimu nyingi huwapa wadhamini nafasi ya kupima hali ya wategemezi na kuukataa uteuzi uliopo iwapo kuna sababu nzito, wakiziandika sababu hizo. Kwa hiyo wataanza uchunguzi: wataomba cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na barua ya chifu inayotaja wategemezi. Ikiwa ndoa ilikuwa ya kimila na haikusajiliwa, mume atatafuta hati ya kiapo na wazee wa kushuhudia. Kaka naye ana haki ya kusema kwamba dada yake alimteua kwa hiari yake na hakubadilisha neno kwa miaka kumi na zaidi. Kila upande una hoja. Asiyeridhika anaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA, na kutoka hapo kukata rufaa kwenye Baraza la Rufaa la Mafao ya Kustaafu. Wakati huo wote karo ya watoto inadaiwa. Kinachoniuma katika kesi za namna hii ni kwamba mara nyingi hakuna mwovu ndani yake. Ni familia mbili zilizofiwa na mtu mmoja, zinazovutana kwa sababu ya karatasi ambayo marehemu mwenyewe alikwisha kuisahau.

Sasa tumrudishe mwanamke huyu akiwa hai na mzima, ameamua kurekebisha mambo. Anaomba fomu mpya ya uteuzi kwa afisa wa wafanyakazi anayeshughulikia pensheni, au moja kwa moja kwa msimamizi wa skimu. Baadhi ya skimu zina tovuti ambapo mwanachama anaingia na kujaza mwenyewe. Anaamua mume apate asilimia 40, kila mtoto 25, na mama 10. Jumla ni 100. Kwa akiba ya leo, hiyo ni shilingi 720,000 kwa mume, 450,000 kwa kila mtoto na 180,000 kwa mama. Kaka ameondolewa kwa sababu sasa anajitegemea, na akitaka amani nyumbani atamweleza mapema.

Hesabu hii inaonekana nyepesi, lakini ndipo fomu nyingi zinapoharibikia. Anayewagawia watatu asilimia 33 kila mmoja ameacha asilimia moja hewani. Anayeongeza mtoto mchanga kwa asilimia 10 bila kumpunguzia mtu amefikisha 110. Fomu ya namna hiyo hurudishwa, na hatari yenyewe ni pale inaporudishwa kwa barua pepe usiyoifungua, ukaendelea kuamini umeshabadilisha ilhali ile ya zamani ndiyo bado inayofanya kazi.

Majina nayo yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho. Nyumbani mtu ni Mama Njeri au Baba Salim, lakini skimu inalipa jina linalolingana na kitambulisho na akaunti ya benki. Mwenye wake zaidi ya mmoja amwandike kila mmoja kwa jina na nambari yake, na asiandike “wake zangu”. Vivyo hivyo maneno “watoto wangu wote” yanaonekana ya haki, lakini yanawaachia wadhamini kazi ya kutafuta watoto wote ni akina nani, na hapo ndipo mabishano ya msibani huzaliwa.

Mtoto hana kitambulisho, kwa hiyo anatambulishwa kwa cheti cha kuzaliwa. Hospitali hutoa karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, ambayo mzazi hupeleka kusajiliwa ili apate cheti. Afanye hivyo ndani ya miezi sita ya kwanza, kwa maana baada ya hapo usajili huhesabiwa kuwa wa kuchelewa na huongeza masharti. Aliye chini ya miaka 18 hatakabidhiwa pesa mkononi, ndiyo maana fomu nyingi huuliza jina la mlezi atakayepokea kwa niaba yake. Usipite nafasi hiyo haraka. Wengi humwandika mwenzi wao na kuishia hapo, lakini ajali moja ya barabarani inaweza kuwachukua wazazi wote wawili. Taja na mlezi wa pili, mtu uliyezungumza naye akakubali. Ikiwa unahofia pesa za watoto kuisha kabla hawajamaliza shule, uliza kama skimu yenu inaweza kuziweka katika mfuko wa amana unaolipa karo na matumizi kidogo kidogo. Ombi hilo linaweza kuandikwa kwenye barua inayoambatana na fomu.

Barua yenyewe haihitaji ufundi. Mwanamke wetu wa Thika angeweza kuandika hivi:

“Kwa Wadhamini wa Skimu. Mimi ni mwanachama, nambari ya uanachama na ya kitambulisho ziko hapo juu. Naomba mbadilishe wanufaika wangu kwa kuwa nimeolewa na nimepata watoto wawili. Naambatanisha fomu mpya niliyoisaini leo, nakala ya cheti cha ndoa, nakala za vyeti vya kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mume wangu. Fomu hii inafuta uteuzi wangu wote wa awali. Naomba mnijibu kwa maandishi mkinionyesha majina na asilimia zilizoingizwa kwenye rekodi, na mnijulishe kama uteuzi huu unahusu pia bima ya maisha ya kikundi.”

Sentensi mbili za mwisho ndizo zinazobeba barua nzima. Kufuta uteuzi wa awali kunaondoa ubishi wa fomu ipi ifuatwe iwapo zitakutwa mbili kwenye faili. Kuomba majina na asilimia kunakuhakikishia kwamba fomu haikuishia kwenye droo ya afisa wa wafanyakazi bila kumfikia msimamizi. Jibu la “tumepokea” halitoshi. Na swali la bima ni la lazima, kwa sababu bima ya maisha mara nyingi ina fomu yake, na kama tulivyoona kwenye mfano, pesa zake zinaweza kuzidi akiba yenyewe. Shahidi wa kusaini awe mtu asiyetajwa kama mnufaika, mfanyakazi mwenzako kwa mfano. Saini na tarehe visikosekane, kwa kuwa fomu isiyo na tarehe haiwezi kuthibitisha kwamba ndiyo ya mwisho.

Cheti cha ndoa, kwa kawaida, si sharti la kumteua mtu. Unaweza kumtaja mwenzi wako hata kama ndoa yenu ya kimila haijasajiliwa. Faida ya cheti itaonekana baadaye, mtu mwingine akijitokeza kudai. Tangu Sheria ya Ndoa ya 2014, ndoa za kimila nazo zinapaswa kusajiliwa, na aliyesajili huwa amempunguzia mwenzake safari nyingi.

Ukimaliza na mwajiri wa sasa, kumbuka kwamba NSSF ina rekodi yake ambayo skimu ya kazini haiwezi kuibadilisha, na chama cha akiba na mikopo pia kina fomu yake. Halafu fikiria kazi ulizoacha. Anayeondoka kazini kabla ya umri wa kustaafu huweza kuacha sehemu ya mafao yake katika skimu ya huko hadi umri utakapofika. Watu huhama, hubadilisha nambari za simu, na skimu hiyo inabaki na fomu ya enzi zile, ikiwa na anwani ya posta isiyotumika tena. Tafuta taarifa ya mwisho ya uanachama uliyopewa ulipoondoka. Jina la msimamizi na nambari yako ya uanachama vimo humo. Ikiwa mwajiri alifunga biashara na humjui msimamizi, iandikie RBA ukitaja jina la mwajiri na miaka uliyofanya kazi, uulize skimu hiyo inasimamiwa na nani sasa. Barua utakayowatumia ni ile ile. Badilisha nambari ya uanachama tu, na uwape anwani na simu unayoipokea.