Nyundo Ikidunda Vizuri Juu ya Nguzo ya Zamani

Katika viwanda vingi vya chai, kahawa na mkonge, wenzetu hufanya kazi chini ya sakafu na boriti za zege zilizomwagwa kabla wao hawajazaliwa. Siku moja huja mpimaji na sanduku lake, akagonga nguzo mara kadhaa, akapitisha chombo kingine juu yake, kisha tangazo likabandikwa kwamba nguzo ni imara. Ndugu wafanyakazi, tungependa kueleza vyombo hivyo viwili vinapima nini hasa, kwa maana mara nyingi neno hilo "imara" hutokana na kile cha kwanza peke yake.

Cha kwanza ni nyundo ya kudunda, iliyobuniwa na mhandisi wa Uswisi, Ernst Schmidt, mwishoni mwa miaka ya 1940. Ndani yake mna springi inayorusha kipande cha chuma kwa nguvu ile ile kila mara. Kipande hicho hugonga ncha iliyoegemezwa kwenye zege, kikarudi nyuma, na namba huonyesha kimerudi kiasi gani. Zege gumu hukirudisha mbali, zege laini humeza pigo. Lipu na rangi huondolewa kwanza, mahali pakasuguliwa kwa jiwe, halafu hupigwa si chini ya mara 9, kila pigo likiwa mbali na jingine kwa milimita 25 au zaidi, na kuchukuliwa namba ya katikati. Pigo moja halitoshi, kwani laweza kuangukia juu ya kokoto au juu ya tundu.

Lakini nyundo hiyo huijua ngozi ya nguzo tu, sentimita chache. Na ngozi ya zege la zamani ina jambo lake. Hewa yenye kaboni dayoksaidi hupenya polepole, na kuigeuza ile chokaa iliyomo ndani ya saruji kuwa kitu kigumu cha jamii ya jiwe la chokaa. Ngozi inakuwa ngumu, nyundo inadunda zaidi, na makadirio ya nguvu yaweza kuzidi ukweli hata kwa nusu nzima. Ubaya wake ni kwamba chokaa ile ile iliyoliwa na hewa ndiyo iliyokuwa ikizuia nondo zisishike kutu. Kwa hiyo namba nzuri ya nyundo na hatari ya nondo zaweza kutoka kwenye sababu moja.

Hapo ndipo kinapohitajika chombo cha pili, kinachotafuta nondo kwa nguvu ya sumaku na kusema ziko umbali gani kutoka nje. Tuchukue mfano wa jengo lenye miaka 36. Nyundo imetoa namba 46, na jedwali linalokuja nayo linasema zege limepita hata nguvu iliyoandikwa kwenye ramani. Mpimaji mwangalifu hutoboa tundu dogo, akalisafisha vumbi na kupuliza dawa iitwayo fenoftalini. Zege ambalo hewa haijalifikia hugeuka rangi ya waridi iliyokolea, lililoliwa halibadiliki rangi. Tuseme sehemu isiyobadilika ni milimita 18. Sasa chombo cha nondo kinasema upande mmoja wa nguzo nondo ziko milimita 30 ndani, na upande wa pili milimita 12 tu, kwa sababu siku ya kumwaga fundi hakuweka vijiwe vya kuzitenga na mbao. Upande wa kwanza bado una nafasi. Hewa hupunguza mwendo kadiri inavyoingia: miaka ikizidi mara nne, kina huzidi mara mbili tu. Upande wa pili ilifika kwenye nondo jengo likiwa na miaka 16, na tangu hapo hazina kinga. Kama nguzo hiyo iko karibu na bomba la mvuke au inarushiwa maji, kutu itakwenda upesi. Ikiwa mahali pakavu kabisa, itakwenda polepole sana.

Chombo cha nondo nacho kina mipaka. Hakioni kutu hata kidogo. Nondo iliyoliwa nusu huonekana kama nondo. Penye nondo mbili zilizobanana, kama vile zinapoungwa, hudhani ziko karibu na nje kuliko zilivyo. Na asipoambiwa unene wa nondo sawasawa, husema uongo kwa milimita kadhaa. Kwa hiyo hapana budi zege livunjwe mahali pawili au patatu, nondo ionekane kwa macho na ipimwe unene. Nguvu ya zege lenyewe nayo huthibitishwa kwa kukata vipande vya mviringo kutoka ndani ya nguzo na kuvivunja kwenye mashine ya maabara.

Mjumbe wenu akipewa ripoti, atazame kama inasema nguzo ipi ilipimwa na upande gani, nondo iliyo karibu zaidi na nje iko milimita ngapi, na hewa imeingia milimita ngapi. Kama ina namba za nyundo tu, basi nondo za nguzo hiyo hazijapimwa bado.