Brashi na Bakuli au Chupa? Chagua Kabla ya Kuchanganya Rangi

Mtu anapaka rangi nywele nyumbani, anaosha, kisha anakuta mvi za panjani bado zinang'aa huku ncha zimekuwa nyeusi kupita kiasi. Wengi huilaumu rangi. Mara nyingi tatizo liko kwenye kifaa: kilimwaga rangi pasipohitajika, na palipohitajika kikapagusa juu juu tu.

Tumchukue mama mwenye nywele nzito za kipilipili, ndefu hadi mabegani, ambaye alishawahi kuzipaka rangi nyeusi. Sasa zimeota sentimita 2 mpya, na mvi zimejaa panjani na kwenye paji. Anachohitaji ni kupaka hizo sentimita 2 peke yake. Rangi ikishuka kwenye nywele zilizokwisha kupakwa, weusi utajirundika juu ya weusi, na nywele zitazidi kukauka.

Kwa kazi hii brashi inaishinda chupa. Brashi bapa yenye upana wa vidole viwili hivi huchota rangi kidogo na kuibandika pale pale unapotaka. Mama agawe nywele mafungu manne, ayabane kwa vibanio, kisha kwa mkia wa kitana achambue tabaka jembamba la nusu sentimita. Apake upande wa juu wa tabaka, aligeuze, apake na upande wa chini. Mvi ni ngumu kushika rangi, kwa hiyo zinataka rangi nzito iliyokaa juu yake. Aanzie panjani na kwenye paji ili sehemu hizo zipate muda mrefu zaidi, ilimradi asipitishe dakika zilizoandikwa kwenye maelekezo.

Faida ya pili ya bakuli ni kipimo. Rangi ikishachanganywa na peroksaidi huanza kufanya kazi papo hapo, na haiwekwi kwa matumizi ya kesho. Kama maelekezo yanataka vipimo sawa, mama anaweza kuchanganya mililita 30 za rangi na 30 za peroksaidi, amalize mbele, kisha achanganye nyingine kwa ajili ya kisogo ikihitajika. Isipohitajika, mrija na chupa ya peroksaidi vinafunikwa vizuri na kusubiri mwezi ujao. Bakuli liwe la plastiki au la kioo, kwa sababu madini ya sufuria yanaweza kuvuruga peroksaidi.

Chupa yenye mdomo mwembamba ina utaratibu mwingine. Unamimina rangi yote ndani ya chupa ya peroksaidi, unatikisa, unapaka. Hapo umeshachanganya pakiti nzima, hata kama kichwa kinahitaji nusu yake. Inayobaki inamwagwa, na nyingine hung'ang'ania kuta za chupa. Usiifunge ukaihifadhi, maana mchanganyiko huo hutoa gesi na chupa inaweza kupasuka. Hata wakati wa kupaka, ukishamaliza kutikisa, acha mdomo wazi.

Lakini chupa ina mahali pake. Kwa nywele fupi, au zilizolainishwa na kulala, au ambazo hazijawahi kupakwa na zinataka rangi moja kuanzia shinani hadi nchani, chupa ni nyepesi na ya haraka. Mkono mmoja unabonyeza, mwingine wenye glavu unasugua rangi iingie. Pia inafika kisogoni kwa urahisi kwa anayejipaka mwenyewe bila kioo cha nyuma. Udhaifu wake unaonekana kwenye nywele nzito: rangi hiyo nyepesi hutiririka kwenye mstari uliochanwa, ikalowesha ngozi ya kichwa, huku nywele zilizo katikati ya mistari miwili zikibaki kavu. Ukiitumia, karibisha mistari, na sugua kila mstari kabla ya kwenda mwingine.

Kifaa chochote utakachotumia, kagua kabla ya kuacha rangi ikae. Kama ulichana mistari ya wima, sasa chana ya ulalo. Palipobaki pakavu patajionyesha, na bado una rangi ya kuongezea. Ukingoja hadi uoshe, utalazimika kuchanganya upya.

Hata aliyenunua pakiti yenye chupa halazimiki kuitumia. Maadamu rangi yake ni ya krimu, anaweza kupima sehemu ya rangi na sehemu ya peroksaidi kwa uwiano ule ule, akachanganya bakulini na kupaka kwa brashi. Ila jaribio la ngozi lisirukwe: saa 48 kabla, paka kidogo kama pakiti inavyoelekeza, kwa sababu rangi nyingi nyeusi zina kemikali inayoweza kuleta mzio mkali. Ngozi ikiwasha au kuvimba, rangi hiyo isipakwe kabisa, iwe kwa brashi au kwa chupa.