Aliyehama Si Aliyeacha
Tuchukue mfano wa wanafunzi 10 wanaoanza mafunzo ya uhudumu wa afya ya miezi 12 mjini Tunduma. Mwezi wa 3, wawili wanaacha. Mwezi wa 5, watatu wanahamia Vwawa na taarifa zao zinakoma. Mwezi wa 8, mmoja kati ya watano waliobaki anaacha.

Waliohama tuwaweke wapi? Tukiwahesabu kuwa wameacha, waliodumu ni asilimia 40. Tukiwahesabu kuwa wamedumu, ni asilimia 70. Tunachokijua ni kwamba walidumu miezi 5 tu. Ufuatiliaji wao ulikatizwa.

Njia ya Kaplan na Meier ya mwaka 1958 huwahesabu hadi walipoondoka. Mwezi wa 3 wanadumu 8 kati ya 10. Mwezi wa 8, wanne kati ya watano. Tunazidisha: 0.8 × 0.8 = 0.64, yaani asilimia 64.

Sharti ni kwamba waliohama wawe na uwezekano wa kuacha sawa na waliobaki. Ikiwa walihama wakiwa tayari wanakosa vipindi kwa ajili ya biashara ya mpakani, asilimia 64 imezidi ukweli. Ndiyo maana daftari, la wanafunzi au la wagonjwa, huandikwa tarehe ya kuondoka pamoja na sababu yake.