SIMU IKIKUULIZA PUK, USIBAHATISHE

Khabari hii imetokana na kisa kilichotufikia ofisini msimu huu wa uchumaji. Mzee mmoja, mwanachama wetu, alikuwa ametumiwa na mwanawe aliyeko Unguja fedha za kuwalipa wachumaji kwa njia ya simu. Usiku ule simu ikaisha chaji ikazimika. Alfajiri alipoiwasha, ikamtaka namba ya siri. Mzee akatia ile anayotolea fedha. Ikakataa. Akatia mara ya pili na ya tatu, na hapo kioo kikaandika kwamba laini imefungwa, tena yatakiwa PUK. Na wachumaji wamekaa barazani wangoja pishi zao zilipwe.

Kosa lilikuwa hapa. Simu ina namba za siri zaidi ya moja. Iko ya kutolea fedha, ambayo huwekwa na kampuni ya simu, na iko PIN ya laini yenyewe, ambayo imo ndani ya kile kikadi kidogo. Hazijuani kabisa. PIN ya laini huulizwa simu inapowashwa au laini inapotiwa upya, basi mtu asiyezima simu yake aweza kukaa mwaka mzima asiione. Mzee aliwekewa na mjukuu wake siku nyingi nyuma, akasahau kuwa ipo.

Laini hukupa nafasi tatu tu. Ukikosea mara tatu mfululizo hujifunga, na haifunguki ila kwa PUK, yaani namba ya tarakimu nane iliyotiwa na kampuni. Hesabu ya makosa imeandikwa katika laini, si katika simu. Kwa hivyo kutoa betri hakusaidii, wala kuitia laini katika simu nyingine. Mzee alijaribu hilo katika simu ya mjukuu wake, na huko nako ikaulizwa PUK ile ile. Mjukuu akaanza kubahatisha, akatia namba mbili za kubuni. Hapo ndipo pa khatari, kwani PUK ina nafasi kumi, na ya kumi ikikosewa laini imekufa, haifufuki tena.

Bahati njema mzee alikuja kwetu zikiwa zimebaki nane. Kwanza tulimwuliza kama anacho kile kipande cha plastiki kilichobaki laini ilipovunjwa, maana mara nyingi PUK huchapwa hapo. Alikwisha kitupa, kama wengi wetu. Basi tukawapigia kampuni kwa simu ya ofisi. Wakamwuliza jina alilosajilia, namba ya kitambulisho na khabari za matumizi yake ya karibuni, kisha wakamsomea tarakimu nane. Tukaziandika karatasini, tukazirudia mara mbili kabla ya kugusa simu.

Simu nyingi hukuonyesha mahali pa kutia PUK, kisha PIN mpya mara mbili. Isipokuonyesha, hubonyezwa hivi, tuseme PUK ni 48261937 na PIN mpya waitaka iwe 5072 (za mfano tu, msizitie):

```
**05*48261937*5072*5072#
```

Laini ikafunguka. Fedha zilikuwako vile vile, maana hazikai katika laini bali katika hesabu za kampuni. Hata laini ingekufa, angepewa nyingine yenye namba ile ile, kwa kitambulisho na alama ya kidole. Majina yaliyohifadhiwa katika laini yenyewe ndiyo yangepotea. Adhuhuri haijaingia, wachumaji walikwisha lipwa.

Wako watakaosema, basi heri PIN isiwekwe kabisa. Mimi sikubali. Mwizi akiiba simu yako aweza kuchomoa laini, akaitia katika simu yake, akapokea ujumbe unaoletwa kwako. PIN ndiyo inayomzuia. Lakini haimzuii anayekwenda kuomba laini mpya kwa jina lako. Hilo ni jambo jingine.

Kuiweka, katika simu ya kupangusa fungua "Settings", kisha "Security", utafute "Lock SIM card". Katika kitochi tafuta "PIN code request" uifanye "On". Hapo utaulizwa PIN iliyokuja na laini. Itazame katika plastiki au uwaulize kampuni, usikisie, maana nafasi ni zile zile tatu. Kisha ibadili, tuseme ya zamani ni 1234:

```
**04*1234*5072*5072#
```

Namba mpya isiwe ile ya kutolea fedha, wala mwaka wako wa kuzaliwa. Zima simu, uiwashe mbele ya macho yako, uone kama yaikubali. Karatasi ya PUK iweke pamoja na hati za shamba, si ndani ya kifuko cha simu. Na akikupigia mtu kukwambia ni wa kampuni, anataka PUK yako, kata simu. Kampuni inazo namba hizo, haina haja ya kukuuliza.

Asiyeweza peke yake aje ofisini na kitambulisho chake, kabla nafasi hazijakwisha.

Katibu